Wiki Moja Kabla ya Mtihani wa Mawimbi

Nimeombwa niongee na nyinyi wa hapa Moshi ambao mawimbi ya kamba mnayaweza, ila likija swali la mwanga mnaanza kuisikia harufu ya sapu. Mtihani ni Jumatatu ijayo, basi tuanze leo hii.

Leo fanya mtihani mmoja uliopita bila desa. Kwenye kila swali la mwanga ulilokosa, andika pembeni kama ulikosea hesabu au hukujua wimbi lipi lilichelewa. Wengi mtakuta ni hilo la pili. Kwa hiyo kesho msiguse mwanga kabisa. Rudieni kamba: mawimbi mawili yakipishana urefu wa wimbi mzima yanajengana, yakipishana nusu yanafutana. Na lile linalogonga mwisho wa kamba uliofungwa ukutani hurudi limepinduka, kilele kimekuwa bonde. Hilo mtalihitaji Alhamisi.

Jumatano ni mianya miwili ya Young. Mianya iachane 0.3 mm, skrini iwe mbali 1.5 m, mwanga uwe wa 600 nm. Umbali kati ya mistari angavu ni λL/d, yaani 3 mm. Ukisahau kugeuza milimita za mianya kuwa mita, utapata sehemu tatu za milioni za mita, mistari ambayo jicho haliwezi kuitenganisha. Jibu la namna hiyo likufanye urudi juu ukague.

Alhamisi na Ijumaa zote nawapa utando mwembamba, maana ndiko alama zinakopotea. Chukua utando wa sabuni hewani, n = 1.33, unene 100 nm. Mwanga wa 532 nm ukiingia wima, safari ya kwenda na kurudi ndani ni 2nt = 266 nm, nusu kamili ya wimbi. Unataka kuandika "giza"? Ngoja. Mwanga unaorudi kutoka uso wa juu umepinduka, kwa sababu umegonga kitu chenye n kubwa zaidi. Wa chini umegonga hewa, haukupinduka. Nusu ya kupinduka na nusu ya safari ni wimbi zima: utando unang'aa.

Sasa weka magnesiamu floraidi, n = 1.38, unene uleule wa 100 nm, juu ya kioo cha 1.5, kwa mwanga wa 552 nm. Safari ni nusu ya wimbi vilevile, ila hapa nyuso zote mbili zinapindua, kwa hiyo kupinduka kunajifuta. Inabaki nusu ya safari, na mwanga unaorudi unafifia. Ndiyo kazi ya rangi ile kwenye lenzi za kamera. Kwa hiyo kabla ya fomula, chora nyuso mbili na uandike n tatu.

Jumamosi asubuhi pitieni wavu wa mianya mingi, d sin θ = mλ, haraka tu. Mchana fanyeni mtihani mwingine kwa saa. Jumapili rudieni yale ya leo mliyokosa.

Naam, dada wa nyuma? Mafuta juu ya dimbwi pale stendi? Mafuta yana n kama 1.45, maji 1.33. Juu yanapindua, chini hayapindui. Lifanye kama la sabuni.