Vigezo na masharti ya tuisheni onlaini: tuongee hela tu

Haya, mlio nyuma mnanisikia? Sawa. Wote mnayajua yale matangazo ya redioni, mwishoni jamaa anakimbiza maneno kama anafukuzwa, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Sisi wa tuisheni onlaini ni hivyo hivyo, mtu kakopi masharti mahali, kurasa nne, "mtoa huduma hatawajibika", mzazi anajibu "sawa mwalimu" na hajasoma hata mstari. Leo naongelea hela tu.

Niwape kesi yangu mwenyewe. Kipindi kimoja cha hesabu nauza elfu 12, ukilipia 8 kwa mpigo unalipa elfu 80, yaani kila kimoja elfu 10. Mama mmoja akalipia vyote 8, mtoto kasoma 3, wakahama mkoa, akaomba hela iliyobaki. Yeye anasema 3 mara elfu 10 ni elfu 30, nirudishie 50. Mi nasema hapana dada, bei ya elfu 10 ni ya anayemaliza, ukisoma 3 tu ni elfu 12 kila kimoja, inakuwa 36, unapata 44. Tukavutana siku mbili kwa elfu 6! Na masharti yangu yalisemaje? "Salio litarejeshwa kwa utaratibu uliopo." Utaratibu upi sasa? Nikamlipa 50, maana aliyeandika vibaya ni mimi.

Halafu nilipokaa na kalkuleta nikagundua kitu. Kwa hesabu yangu, mtoto akisoma vipindi 7 inakuwa elfu 84, imezidi hata alicholipa, kwa hiyo mzazi anaacha shule na bado nadai elfu 4 juu, si kichekesho hicho? Ndo maana nikaandika upya, na nimeandika hivi: "Ukiacha kabla ya kumaliza, kila kipindi ulichosoma tunakihesabu kwa shilingi 12,000, kinachobaki kwenye 80,000 tunakurudishia. Mfano, umesoma 3, tunakata 36,000, unapata 44,000. Ukishasoma 7 hakuna kinachorudi na hudaiwi kitu." Basi. Ukitaka kutumia ile hesabu ya yule mama pia sawa, ni rahisi zaidi, ila ujue kuna mtu atalipia 8 apate punguzo, asome 2, aage.

Hela inarudi kwa namba gani? Msicheke. Kuna wazazi wanaenda kwa wakala, wanampa keshi, wakala anarusha moja kwa moja kwako, ile namba unayoiona kwenye meseji ni ya wakala, ukirudisha huko umemzawadia mtu. Kwa hiyo siku ya kulipa naomba namba ya kurudishia na jina linalotokea, na nimeandika siku 3 za kurudisha. Makato ya kutuma, kama tatizo ni langu nabeba mimi, mzazi akiacha mwenyewe yanatoka kwenye hela yake.

Kufuta kipindi sasa. Zamani niliandika "saa 24 kabla", ikawa ugomvi wa dakika, kipindi Jumatatu saa 12 jioni, mzazi anatuma meseji Jumapili saa 12 na dakika 10, anakuonyesha skrinshoti kabisa. Nikabadilisha: mwisho ni saa 2 usiku ya siku ya kabla ya kipindi, na pembeni naandika 20:00 saa za Dar, kwa sababu nina watoto Maskati, kwao muda huo ni saa 3 tayari, na wengine waliosoma huko ukiwaambia saa 2 wanaelewa saa 2 ya kizungu. Ukiwahi, tunapanga siku nyingine bure. Ukichelewa, kipindi kimehesabiwa.

Umeme na bando je? Mwanafunzi namsubiri dakika 15, asipotokea kipindi kimeenda. Mimi nisipotokea, kipindi hicho kinabaki chake na naongeza dakika 30 bure. Ikikatika katikati, dakika zilizobaki tunazimalizia siku nyingine, haijalishi umeme ulikatika kwa nani, maana kuthibitisha hilo huwezi, mi nilijaribu nikaishia kuombwa picha ya luku.

Na ile "sawa mwalimu" siikubali tena. Kabla sijapokea hela namuuliza mzazi swali moja kwenye watsap: mtoto akiacha baada ya vipindi 5 unarudishiwa shingapi? Akijibu elfu 20, tumeelewana na meseji naitunza. Akijibu 30, nampigia simu hapo hapo, kabla hajatuma kitu.