Mwulizeni Ufunguo Ulikuwa kwa Nani

Asanteni, kaeni. Mwenyekiti amenipa dakika 20 na ameniomba nisizimalize zote kwenye ufunguo, kama nilivyofanya mara mbili zilizopita. Nitajaribu, ila simwahidi.

Mtu akija kwangu analia kwamba gari lake limeibwa kwenye maegesho, anaanza kwa kunionyesha tiketi. "Wakili, ona, wameandika hawahusiki." Mimi hiyo tiketi siigusi kwanza. Namwuliza: ufunguo ulikuwa kwa nani? Akisema ulikuwa mfukoni mwake, nashusha pumzi, maana kesi yake ni ngumu. Akisema alimpa yule kijana mwenye sare pale mlangoni, apokeaye magari na kwenda kuyaegesha, navuta kiti karibu.

Tofauti ni hii. Ukiingia mwenyewe, ukajitafutia nafasi, ukafunga na kuondoka na ufunguo, mara nyingi sheria inakuona kama mtu aliyekodi kipande cha sakafu. Mwaka 1937 huko Uingereza, katika kesi ya Ashby dhidi ya Tolhurst, mtu alilipa shilingi moja ya kuegesha. Aliporudi akaambiwa rafiki yake amekwisha kulichukua gari. Rafiki gani? Alikuwa mwizi, tena hakuwa na tiketi! Na bado mwenye gari akashindwa. Mahakama ya Rufani ilisema gari halikukabidhiwa kwa mtu yeyote. Mwenye uwanja alitoa ruhusa ya kuliacha pale, basi.

Ukitoa ufunguo mambo yanageuka. Umeweka amana. Gari liko mikononi mwa mwingine, huwezi kuliondoa bila yeye, hata hujui ameliweka ghorofa gani. Mwenye kupokea amana anatakiwa kuitunza kama mtu mwangalifu anavyotunza mali yake mwenyewe. Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo kesi zinaposhindwa na kushinda: amana ikipotea, si kazi yako wewe kuthibitisha kwamba alizembea. Ni kazi yake kuthibitisha kwamba hakuzembea. Wewe ungejuaje kilichotokea kwenye ghorofa ya chini ya ardhi wakati unakula?

Mfano ninaoupenda mnaujua, naona mnacheka, lakini wako wageni. Agosti 1998, hoteli ya Taj Mahal mjini Delhi. Mgeni anafika usiku kama saa tano na Maruti Zen yake, anampa mpokeaji magari ufunguo, anapewa kitambulisho cha maegesho, anaingia ndani. Anatoka kama saa saba, gari hakuna. Walikuwa wamekuja vijana watatu na gari lao, nalo likapokelewa vilevile. Baadaye wakaomba kuletewa gari lao. Katika pilikapilika za kuletewa, mmoja wao akachukua ufunguo wa ile Zen, akaenda mpaka lilipoegeshwa, akaliwasha. Mlinzi alijaribu kumzuia, jamaa akapita kasi.

Hebu fikirini. Mgeni hakukosea chochote. Ufunguo alioukabidhi kwa mtu ulikuwa mahali ambapo mkono wa mpita njia uliweza kuufikia. Na hoteli ilijitetea kwa nini? Kwa kitambulisho! Kilikuwa kimeandikwa kwamba gari linaegeshwa kwa hatari ya mgeni mwenyewe, na kwamba likipotea, likiibwa au likiharibika, uongozi hauwajibiki.

Bima ilimlipa mwenye gari, kisha ikaifuata hoteli irudishiwe fedha zake. Kesi ikapanda ngazi hata ngazi mpaka Mahakama ya Juu ya India, ikaamuliwa Novemba 2019. Miaka 21, ndugu zangu, kwa gari dogo! Hoteli ikasema pia kwamba huduma ile ilikuwa ya bure, hivyo hakuna amana. Mahakama ikakataa: hata bila malipo ya pembeni, huduma hiyo ni sehemu ya kinachomvuta mgeni, na gharama yake imo ndani ya anacholipia. Kuhusu yale maandishi, ikasema hoteli haiwezi kujificha nyuma yake iwapo hasara imetokana na uzembe wake au wa watumishi wake. Ithibitishe kwanza kwamba ilichukua uangalifu unaostahili. Haikuweza. Ililipa rupia 280,000 pamoja na riba.

Naona mkono pale nyuma. Najua utaniuliza: "Lakini nilipokea tiketi, si nimekubali masharti?" Swali zuri, na jibu lake linategemea ulipewa lini. Mkataba ukishafungwa, mmoja hawezi kuchomeka sharti jipya. Kesi ya Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking, 1971, ilihusu maegesho ya mashine: gari linafika mlangoni, mashine inatema tiketi, dereva anaingia. Tiketi ilisema masharti yamebandikwa ndani, nayo yalikuwa kwenye nguzo. Dereva huyu hata hakudai gari, aliumia mwilini. Jaji Lord Denning alieleza kwamba dereva hawezi kubishana na mashine. Hata akiitukana, itabaki imetulia vilevile. Amekwisha kuingia, hawezi kurudi nyuma. Na kadiri sharti linavyokunyang'anya haki kubwa, ndivyo linavyotakiwa kuonyeshwa waziwazi zaidi, kabla hujaingia.

Sasa msiende mkasema Wakili kasema tiketi zote ni takataka. Sijasema! Bango kubwa lililo langoni, unalolisoma kabla ya kuingia, lina nguvu. Ukiegesha hapo kila siku kwa miaka miwili, ni vigumu kudai hukuliona. Na nchi hutofautiana: kwingine sheria za mlaji hufuta masharti ya namna hii, kwingine huachwa yasimame mradi yameandikwa waziwazi. Kwa hiyo lisomeni bango kabla ya kutoa ufunguo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mikwaruzo, haraka haraka. Hapa watu wengi hushindwa si kwa sheria bali kwa ushahidi, kwa sababu mpokeaji atasema gari lilikuja likiwa na mkwaruzo. Zunguka gari lako na simu kabla ya kutoa ufunguo, pande nne, magurudumu, na kioo kinachoonyesha kilomita. Dakika moja tu. Piga picha tiketi mbele na nyuma, maana ukiondoka wanaichukua. Ukikuta mkwaruzo, usiondoke nao. Mwite msimamizi, aandike, asaini, na uombe kwa maandishi picha za kamera zihifadhiwe. Kamera nyingi hujifuta zenyewe baada ya siku chache, na barua inayofika baada ya mwezi hukuta hakuna kitu. Kilomita nazo zikiwa zimeongezeka 12, basi gari halikwenda ghorofa ya chini tu.

Vitu vya ndani nilipanga kuvizungumza kwa kirefu, sasa nitasema kidogo. Gurudumu la akiba, jeki, redio: hivyo huenda pamoja na gari, aliyepokea gari amevipokea. Lakini kompyuta iliyofichwa chini ya kiti, au bahasha ya fedha kwenye buti, yeye hakuijua, na ni vigumu kumbebesha amana asiyojua kwamba anayo. Ukilazimika kuiacha, mwambie, na aiandike kwenye tiketi. Akikataa kuandika, ichukue.

Na bima... haya, bima tutaongea kwenye chai. Anayetaka aje na karatasi yake ya bima, hasa kile kifungu kinachosema nani anaruhusiwa kuendesha.