Kofia kumi na mbili katika kabati la kioo: mali kauli kwa mwenye duka dogo

Asalaam aleikum. Ndugu zangu, mama zangu, nimeombwa niseme namna ya kuongeza pato dukani bila kununua shehena mpya. Nitazungumzia njia moja tu, ile ninayoifanya mwenyewe hapa Lamu: mali kauli. Bidhaa ni ya mtu, rafu ni yangu. Ikiuzwa namlipa mwenyewe, isipouzwa namrudishia.

Duka langu ni la unga, sukari na sabuni. Juu ya meza palikuwa na kabati dogo la kioo limejaa pipi na betri zisizotoka. Nikaliondoa lile vumbi, nikaenda kwa mama watatu wa mtaani wanaoshona kofia kwa mkono. Kila mmoja akanipa nne, jumla kumi na mbili. Tukakubaliana bei ya kuanzia shilingi 2,500, na ya mwisho 2,000, chini ya hapo siuzi bila kumuuliza. Changu ni asilimia 20 ya bei niliyouzia.

Hapo kwenye asilimia tutulie kidogo, kwa sababu wengi hutumia mtindo mwingine. Mama anasema, "Mimi nipe 1,600, ya juu yako." Ni rahisi, lakini mji wetu ni mdogo. Mnunuzi atapita kwake na kofia kichwani, aseme kainunua 2,500, na mama ahesabu kuwa umekula 900. Hujaiba kitu, lakini kofia nyingine hupati. Kwa asilimia, bei ikipanda nyote mnapanda.

Siku sitini zikapita. Ziliuzwa kofia saba: mbili kwa 2,500 na tano kwa 2,000. Jumla 15,000; zangu 3,000, za kina mama 12,000. Mtaona 3,000 kwa miezi miwili ni kidogo, na kweli ni kidogo. Sasa tazameni upande wa pili. Lau ningezinunua zote kwa 1,600, ningetoa 19,200 siku ya kwanza. Baada ya siku sitini ningekuwa na 15,000 mkononi na kofia tano kabatini, na zile 4,200 zilizopungua ni sukari ambayo sikuweza kuleta dukani. Pengine faida ingekuwa kubwa mwishoni, sikatai. Lakini ni nani hapa ana 19,200 za kulaza?

Niseme nilipoharibu. Mara ya kwanza fedha za kofia nilizitia droo moja na za unga. Mwenye jumla akaleta mzigo, nikamlipa na fedha zilizokuwepo. Karibu na Idi mama mmoja akaja kuchukua 3,600 zake, nikamwambia arudi jioni. Akarudi kesho yake, tena akaja na mwanawe. Aibu ile sitaki niielezee sana. Tangu siku hiyo kofia ikiuzwa, kabla mteja hajatoka mlangoni, fungu la mama linaingia kwenye kopo lake na daftari linaandikwa: namba ya kofia, tarehe, bei, chake, changu. Kila kofia ina kikaratasi cha namba kilichoshikizwa kwa uzi. Na sikopeshi. Nikikopesha unga, hasara ni yangu. Nikikopesha kofia, nimekopesha jasho la mtu asiyemjua hata huyo mdaiwa.

Kuharibika nako mkubaliane mapema. Kofia nyeupe hupata waa la jasho kwa kujaribiwa na vichwa ishirini. Mimi huacha moja ya kila kipimo nje kwa kujaribia, nyingine zimo kabatini kwenye mfuko, mbali na unyevunyevu wa ukuta wa mawe. Ile ya kujaribia ikichafuka, gharama ni yangu. Na panya akiingia, pia ni yangu, kwani kabati ni langu.

Msimu nao una neno. Kabla ya Idi, na Mfunguo Sita wageni wa Maulidi wanapofika Riyadha, omba kofia zaidi. Masika, watalii wakipungua, omba chache. Kofia zikilala siku sitini kabatini zinakula nafasi ya kitu kingine, kwa hiyo siku hiyo ndiyo ya kurudisha, hata kama mama atanuna.

Wala usirudishe mikono mitupu, mpe habari. Katika zile tano zilizobaki, tatu zilikuwa inchi 21, na walioziulizia wote walitaka 22 na 23. Nilimwonyesha mama daftari. Akazichukua tatu zake, na kofia nne zilizofuata alizishona kwa inchi 22.