Nanasi linakuuma ulimi? Lijaribu kwanza kwenye jeli

Karibu jikoni. Hapa mezani nina nanasi moja lililoiva, pakiti moja ya jeli ya unga, mabakuli matatu yanayolingana, kisu na sufuria ndogo. Leo tunataka kujua kitu kimoja: ule mwasho unaokuja ukishakula vipande vitano sita vya nanasi bichi, ulimi ukawa kama umepigwa msasa, una madhara au hauna? Wengine wanasema nanasi "linakula ulimi". Maneno hayo si uongo mtupu, ila yamekuzwa.

Anza na jeli. Angalia nyuma ya pakiti uone imeandikwa jelatini, kwa sababu ndiyo tunayoitaka. Jelatini ni protini inayotolewa kwenye ngozi na mifupa ya wanyama (kama unazingatia halali, tafuta yenye alama). Jeli ya mwani haitatufaa leo, maana yenyewe si protini na nanasi haliigusi. Koroga unga kwenye maji ya moto kwa kipimo cha pakiti, kisha acha ipoe kabisa, mpaka ukichovya kidole usisikie joto.

Hapo kwenye kupoa usifanye haraka. Mara ya kwanza nilimimina nanasi kwenye jeli inayofuka moshi, nikafunga friji, kesho yake mabakuli yote yameganda vizuri kabisa. Nikabaki nimeduwaa na kamera yangu. Kumbe joto la jeli lilikuwa limeshamaliza kile nilichotaka kuwaonyesha.

Sasa menya nanasi. Ondoa na yale macho kwa ncha ya kisu. Kata vipande vidogo, ukubwa wa punje ya karanga, upate vijiko sita. Vijiko vitatu viache vibichi. Vitatu vingine tia kwenye sufuria na maji kidogo, vichemke dakika 10, halafu epua vipoe.

Gawa jeli kwenye mabakuli matatu. La kwanza usitie kitu. La pili tia nanasi bichi. La tatu tia lile lililochemshwa. Yapange kwenye friji uyaache saa nne au tano.

Haya, tumerudi. Sogea karibu na kamera uone. La kwanza: nalitikisa, jeli inacheza lakini haimwagiki. La tatu, lenye nanasi la kuchemsha, limeganda vilevile, vipande vimeshikwa humo ndani. Sasa la pili. Nalilaza kidogo tu, tazama, linatiririka kama juisi. Nanasi ni lile lile, kisu ni kile kile, tofauti ni moto peke yake.

Kilichofanya kazi hapo kinaitwa bromelaini. Hiki ni kimeng'enya, au tuseme kundi la vimeng'enya, na kazi yake ni kukatakata protini vipande vipande. Jelatini huganda kwa sababu nyuzi zake ndefu za protini hushikana kama wavu na kuzuia maji. Bromelaini ikizikata, hakuna wavu tena, maji yanabaki maji. Ukipika nanasi, kimeng'enya chenyewe huharibika umbo, hakikati tena. Ndiyo maana nanasi la kopo, ambalo hupitishwa kwenye moto kiwandani, haliwashi kama bichi. Barafu haisaidii: nanasi lililogandishwa kwenye friza likiyeyuka, bromelaini yake bado ipo.

Mama zetu wanaijua kazi hii bila jina lake. Nyama ngumu hupakwa papai bichi ilainike, na papai lina kimeng'enya cha ukoo huohuo. Ukitumia nanasi badala ya papai, weka muda mfupi. Nyama ikilala usiku kucha kwenye juisi ya nanasi bichi, asubuhi unaikuta nje imekuwa kama uji.

Sasa turudi mdomoni. Ulimi nao una protini, kwa nini basi hauyeyuki kama jeli? Fanya hivi: chukua kipande cha nanasi bichi ukiweke juu ya jeli iliyoganda, bakuli la kwanza. Kiache kwenye friji saa moja au mbili, kisha kiinue. Chini yake kuna kashimo kenye maji. Kinachonifurahisha hapa ni kwamba hata jeli, isiyo na ulinzi wowote, inaliwa pale tu ilipoguswa, tena taratibu.

Ulimi wako una ulinzi. Juu yake kuna mate yenye ute, na ute huo ndio bromelaini inauanza. Chini ya ute kuna tabaka nyingi za chembe hai, na zile za juu kabisa kila siku zinachubuka na kubadilishwa na mpya, hata usipokula nanasi. Na nanasi halikai mdomoni saa mbili: unatafuna, mate yanalisuuza, unameza. Huko tumboni asidi na vimeng'enya vya tumbo vinaidhoofisha bromelaini, kama vinavyodhoofisha protini nyingine unazokula.

Basi mwasho unatoka wapi? Bromelaini haiko peke yake. Nanasi lina asidi, na lina vijisindano vidogo mno vya kalsiamu oksaleti, visivyoonekana kwa macho. Ni vijisindano vya aina ile iliyomo kwenye magimbi, ukiyamenya mikono inawasha. Vijisindano hutoboa, kimeng'enya hupunguza ute, asidi inaingia pale palipochubuka. Ndiyo sababu kipande cha kwanza ni kitamu tu, cha nane kinauma, na pembeni mwa ulimi na kwenye midomo ndiko kunaanza. Unaweza hata kuona kitone cha damu. Ni mchubuko wa juu. Kwa kawaida maumivu yanaisha baada ya saa chache, na ngozi ya mdomoni hujirudisha ndani ya siku chache. Kama tayari una vidonda mdomoni, nanasi bichi litakutesa, liache mpaka vipone.

Ukitaka kula bila kuumia: toa kile kiini kigumu cha katikati, kina bromelaini nyingi. Chagua lililoiva vizuri, asidi yake haikali sana. Au pitisha vipande kwenye kikaango cha moto mpaka joto lifike ndani. Chumvi na pilipili wanazonyunyizia wauzaji wa barabarani zinabadilisha ladha, uchachu unapungua mdomoni, lakini haziui kimeng'enya. Ukichanganya na maziwa, kunywa papo hapo. Yakikaa, bromelaini inakata protini za maziwa na yanakuwa machungu.

Kuna hali moja isiyo mwasho wa kawaida. Midomo au uso ukivimba, ngozi ikitoka vipele vya kuwasha mwili mzima, koo likabana au pumzi ikawa nzito, huo ni mzio. Hapo usisubiri mate yasuuze, nenda hospitali mara moja. Na wenye mzio wa mpira wa glavu wawe waangalifu zaidi, maana baadhi yao hudhuriwa na nanasi pia.

Bakuli la pili usilimwage. Halitaganda hata ulilaze friji wiki nzima, lakini ni juisi nzuri tu, mimi nalinywa sasa hivi.