Anayetafuta nguru haulizi samaki: kuchagua ujuzi wa kuweka LinkedIn

(Mhadhara kwa vijana wa uwakala wa forodha na usafirishaji, Tanga)

Asalaam aleikum, na habari za mchana ndugu zangu. Leo nataka tukae na sehemu moja tu ya profaili ya LinkedIn, ile iliyoandikwa `Skills`. Wengi wetu tunaijaza usiku mmoja kisha hatuigusi tena.

Nianze na binti mmoja wa Chumbageni, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake. Ana miaka minne katika uwakala wa forodha hapa bandarini. Anaandaa nyaraka za mizigo, anajua kodi inavyokokotolewa, anajua pa kwenda mzigo ukikwama. Nilipofungua profaili yake nilikuta ujuzi 41. Wa kwanza ulikuwa `Microsoft Office`, wa pili `Teamwork`, wa tatu `Communication`. `Customs Clearance` ilikuwa ya 27. `Microsoft Office` ilikuwa imethibitishwa na watu 34, yaani walibonyeza `Endorse` kukiri kwamba anaijua; ile kazi inayomlisha ilithibitishwa na wawili.

Sasa tujiulize anayeajiri anafanyaje. Mtu akiingia soko la Mgandini kutafuta nguru haulizi "samaki". Afisa ajira naye, akitaka mtu wa forodha, anaandika `Customs Clearance`, anachagua mkoa, na mtambo unamletea walio na neno hilo. Hapo kuna hatua mbili, na tusizichanganye. Ya kwanza ni kuingia kwenye orodha, na kinachokuingiza ni kwamba ujuzi umeuandika. Ya pili ni kupangwa: nani juu, nani ukurasa wa saba. Uthibitisho wa watu unasaidia kwenye hatua hii ya pili, tena ukiwa kiungo kimoja kati ya vingi, kama vile cheo chako, mahali ulipo na ukaribu wako na huyo anayetafuta. LinkedIn haijatangaza kila kiungo kina uzito gani, kwa hiyo anayekuahidi kwamba uthibitisho 50 utakufikisha juu, msimwamini.

Basi tulifanya hivi. Tulichukua matangazo kumi ya kazi anayoitaka yeye, si kazi yoyote ile, tukapigia mstari maneno yaliyojirudia. Yalibaki machache: `Customs Clearance`, `Freight Forwarding`, `Import Export`, `Logistics Management`. Kila neno tuliliandika kwenye kisanduku taratibu, tukasubiri orodha ishuke, tukachagua lililokuwemo. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Yeye mwanzo aliandika "Clearing & Forwarding Expert", kwa sababu mtaani tunasema kliaringi. Neno ulilolitunga mwenyewe mtambo unaweza usiliunganishe na lile ambalo mwajiri analichagua kwenye kichujio chake, ukawa na nguru bora sokoni chini ya jina ambalo mnunuzi halijui.

Kisha tukabadilisha mpangilio kwa `Reorder`, tukaziweka za forodha juu, na tukaziambatisha kwenye kazi alikozitumia. Nafasi zipo hadi 100, lakini kuweza kujaza si sababu ya kujaza. Tulibakiza 16.

Sasa nije kwenye uthibitisho wenyewe, maana hapa kuna mtego ambao sikuujua mpaka nilipokaa na profaili kadhaa. Kwa nini `Microsoft Office` ilikuwa na watu 34? Kwa sababu ilikuwa juu. Mtu akipita kukusalimia anabonyeza anachokiona, hashuki hadi ya 27. Kilichokuwa juu kikazidi kunenepa, kazi halisi ikabaki na njaa. Kwa hiyo panga kwanza, ndipo uombe. Ukiomba kabla ya kupanga, unaongeza maji baharini.

Na uombe nani? Anayeweza kukuthibitisha ni yule mliyeunganishwa naye moja kwa moja, basi anza na aliyekuona ukifanya kazi. Binti yule aliwaandikia sita: msimamizi wake wa zamani, madereva wawili wenye profaili, na wateja watatu. Ujumbe wake ulikuwa hivi: "Shikamoo kaka. Unakumbuka lile kontena la vipuri tulilolitoa pamoja? Naomba unithibitishie `Customs Clearance` kwenye profaili yangu, ukiona nastahili." Wanne walifanya. Hao wanne nawapenda kuliko wale 34, kwa sababu mwajiri akibonyeza idadi anaona majina na vyeo, na msimamizi wa forodha ana uzito ambao rafiki wa shule hana.

Angalizo moja: ukifuta ujuzi, uthibitisho wake unaondoka nao. Ule usioutaka lakini una watu wengi, usikimbilie kuufuta; usukume chini kwanza, utafakari.

Mabadiliko utayaonaje? Angalia `Search appearances`, pale panapoonyesha vyeo vya watu waliokutana nawe katika kutafuta kwao. Usihesabu idadi pekee, soma vyeo. Kwake yeye, mwanzoni walikuwa walimu na wauza bima. Wiki ya tano vilitokea vyeo vya meneja wa usafirishaji na afisa ajira, na afisa ajira mmoja wa Dar es Salaam akamwandikia.