Jinsi ya kuwaambia wateja kwamba taarifa zao zimevuja: mfano wa ofisi ya wakala wa forodha

Karibuni. Kwenye video hii tunaandika, neno kwa neno, ujumbe wa kuwajulisha wateja kwamba mtu ameingia kwenye barua pepe ya ofisi na kusoma mambo yao. Mfano wetu ni wa kubuni: ofisi ndogo ya wakala wa forodha hapa Dar es Salaam, inayotoa magari na kontena bandarini. Tarehe 11 Machi asubuhi mteja anapiga simu: "Jamani, mbona akaunti ya benki kwenye invoisi yenu imebadilika?" Ofisi haijabadilisha akaunti.

Kabla hujaandika chochote, funga mlango. Mkiwajulisha wateja kwa barua pepe ileile huku mwizi bado yumo ndani, atausoma ujumbe wenu kabla yao, na pengine atatuma wa kwake. Tazama skrini. Ofisi hii inatumia Gmail, kwa hiyo tunafungua mipangilio, sehemu ya "Filters and Blocked Addresses". Hii hapa. Kuna kanuni inayosema kila barua yenye neno "invoice" ipelekwe kwenye anwani tusiyoijua, kisha ifutwe isionekane kwenye kikasha. Usiifute bado! Piga skrinshoti kwanza, kisha pitia rekodi za kuingia kwenye akaunti uone saa na mahali, nazo uzihifadhi. Ukishapata ushahidi, futa kanuni, angalia na "Forwarding and POP/IMAP", badilisha nywila, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili. Wengi hubadilisha nywila tu na kulala. Kanuni ikibaki, barua zinaendelea kwenda kwa mwizi hata kama hana nywila mpya.

Sasa chukua karatasi. Andika tunachokijua, na pembeni yake tusichokijua. Katika mfano wetu rekodi zinaonyesha mgeni aliingia mara ya kwanza 3 Machi saa 4:14 usiku, na mlango ukafungwa 11 Machi saa 5 asubuhi. Katika siku hizo, barua za wateja 61 zilipitia kwenye ile kanuni. Kati yao, 23 walikuwa wametuma nakala ya kitambulisho cha NIDA na TIN. Waliobaki, 38, ni invoisi na nyaraka za mzigo.

Hapa ndipo ofisi nyingi hukosea. Mtu anaona 61 anaandika, "Walioathirika ni wateja 61 tu." Hapana. Hao 61 ni ambao barua zao tuna hakika zilichukuliwa. Mwenye nywila angeweza pia kufungua barua za mwaka juzi akazisoma bila kuacha alama tunayoiona sisi. Kusema "hatujaona dalili kwamba barua za zamani zilifunguliwa" ni kweli. Kusema "barua za zamani ziko salama" ni kuahidi usichokijua, na ukija kukanushwa wiki mbili baadaye hakuna atakayekuamini tena. Kwa hiyo tunatengeneza makundi matatu: wale 23, wale 38, na kila mteja mwingine ambaye ana barua ndani ya kikasha hicho.

Anza na simu, si barua. Wateja wenye invoisi ambayo haijalipwa wapigiwe mmoja mmoja, leo hii, kwa sababu pesa yao ndiyo iliyo njiani. Wakati simu zinaendelea, wengine wapate SMS. Isizidi herufi 160 isije ikakatika vipande viwili, na isiwe na linki. Ukiweka linki unawafundisha wateja kubofya ujumbe wa aina hiyohiyo ambao tapeli atawatumia kesho. Hii ndiyo yetu:

"Barua pepe ya ofisi yetu iliingiliwa 3-11 Machi. Usilipe invoisi yenye akaunti mpya. Piga namba iliyo kwenye risiti yako ya zamani. Barua inakuja leo."

Ona tumesema namba ya kwenye risiti ya zamani. Namba iliyo kwenye invoisi ya bandia ni ya tapeli mwenyewe. Atapokea simu, tena kwa adabu zote, na kuthibitisha kwamba akaunti imebadilika.

Tuje kwenye barua yenyewe. Sentensi ya kwanza iseme kilichotokea. Maneno kama "kumekuwa na hitilafu ya kimtandao" yatupe, kwa sababu mteja atadhani intaneti ilikatika. Tunaandika hivi kwa kundi la 23: "Kati ya 3 na 11 Machi mtu asiyeruhusiwa aliingia kwenye barua pepe ya ofisi yetu. Alichukua barua uliyotutumia, yenye nakala ya kitambulisho chako cha NIDA, TIN, namba ya simu na invoisi ya mzigo wako. Barua pepe hiyo haikuwa na namba zako za siri za benki wala za simu. Tumefunga njia aliyoitumia na tumebadilisha nywila zote. Bado hatujajua kama alisoma barua za zamani. Tunaomba radhi." Omba radhi mara moja, inatosha.

Ushauri ufuate kilichoibwa. Usimwambie mteja abadilishe nywila yake wakati nywila yake haikuguswa. Kwa kundi la 38, neno kubwa ni moja: akaunti yetu ni ileile, na aliyekwisha kulipa kwenye akaunti ngeni aipigie benki yake saa hiyohiyo, kisha aripoti polisi. Kwa wale 23 kuna zaidi. Namba ya NIDA huwezi kuibadilisha kama nywila, na tarakimu zake nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo tapeli anayekupigia akitaja jina, tarehe na namba yako ataonekana mtu wa ofisi kweli. Waambie kujua mambo yako si kitambulisho. Wapige *106# waone kama kuna laini wasizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" wazipeleke 15040.

Wakati wa kutuma, angalia anwani zinakaa wapi. Ukiweka wateja wote 61 kwenye "To", kila mmoja anaona barua pepe za wengine 60, na umevujisha mara ya pili kwa mkono wako. Tumia "Bcc", au afadhali tuma mmoja mmoja. Grupu la WhatsApp ni kosa lilelile, linaanika namba za simu.

Siku hiyohiyo, ijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Sheria ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inataka Tume iambiwe mapema iwezekanavyo. Usingoje uchunguzi uishe. Peleka unachokijua, mengine yatafuata.

Mwisho, anayepokea simu ofisini awe na karatasi moja mezani yenye maneno yaleyale ya barua, na daftari la kuandika nani kapiga, saa ngapi, kasema nini kuhusu malipo. Wateja wawili wakitaja akaunti ngeni ileile, ongeza namba hiyo ya akaunti kwenye taarifa ya polisi, kisha wapigie tena wote ambao bado hawajalipa.