Duka Lina Thamani Gani Siku ya Hauli?

Assalaamu alaykum. Leo tuingie dukani. Chukueni mfanyabiashara wa khanga na vitenge pale Kariakoo, ambaye hauli yake, yaani mwaka wa zaka wa mali yake, hutimia tarehe 1 Ramadhani. Mwaka huo ni wa mwandamo, siku 354 au 355. Anayefunga hesabu kila Desemba huchelewesha zaka kwa siku 11 hivi kila mwaka, na baada ya miaka 33 mwaka mzima wa zaka umempotea.

Siku ile inapofika, anatazama alichonacho siku hiyohiyo. Fedha zilizotumika mwezi uliopita zimekwisha, hazimo. Benki ana shilingi 6,400,000, kwenye simu 850,000, kwenye droo 250,000. Wateja waaminifu wanadaiwa 1,500,000. Mdaiwa aliyezima simu na kuhama mtaa tunamwacha mpaka alipe.

Sasa mzigo, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Daftari linasema alinunua kwa 18,000,000, naye anaandika hiyo. Sivyo. Mali ya biashara huthaminiwa kwa bei ya kuuzia ya siku ya hauli. Anapita rafu kwa rafu: doti ngapi, leo zinauzwa bei gani? Zilizochuja rangi anaziandikia bei ambayo mnunuzi angeitoa leo, hata kama ni nusu. Zile alizokwisha kuzinunua zikawa bado njiani ni mali yake, nazo zimo. Rafu zenyewe, mizani na pikipiki ya kubebea mzigo haviuzwi, basi havimo. Akipata 22,000,000, ndiyo thamani. Na kama amehesabu siku tatu baadaye, arudishe zilizouzwa ndani ya siku hizo na aondoe zilizoingia, ili ipatikane hali ya tarehe 1.

Jumla ni 31,000,000. Tuseme gramu moja ya dhahabu siku hiyo ni 300,000. Nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ni gramu 85, sawa na 25,500,000. Amevuka. Gawanya kwa 40: 775,000.

Ataniuliza, "Sheikh, na 5,000,000 ninazodaiwa na muuzaji wa jumla?" Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafi ni kwamba deni haliondoi zaka. Wanazuoni wa Hanafi hulitoa kwanza, na hapo zingebaki 26,000,000, zaka 650,000. Mimi nashika ya kwanza, kwa kuwa mzigo ule upo rafuni, wake kweli, na faida yake anaila. Lakini asiruke madhehebu mwaka hadi mwaka akifuata iliyo nafuu.

Bangili anazovaa mkewe kwa kiasi cha kawaida hazina zaka kwetu. Ila dhahabu iliyofungwa kitambaani kabatini kama akiba, ipimwe kwa mizani, na zaka yake ni juu ya mwenyewe, yaani mke, si juu ya duka.